Aliyemlipa Madam

Mimi si mtu wa kuandika vitabu. Shule niliiachia darasa la saba, na kuandika kwangu ni kwa jioni, mezani, msichana wangu akifanya kazi yake ya shule upande ule na mimi niko upande huu. Haya nimeyaandika na kuyafuta, kwa sababu kila nikiyasoma naona nimempendelea mtu. Mara nimempendelea madam wa ofisi, mara nimejipendelea mwenyewe. Leo nitajaribu kumpa kila mtu haki yake, na nikishindwa, basi nimeshindwa.

Nilikuwa mpishi wa familia moja Lavington, miaka mingi, mpaka walipohama nchi. Waliniachia barua nzuri, sufuria mbili za maana, na namba zao za simu endapo mtu atataka kuniulizia. Kazi ile nilikuwa naenda asubuhi na kurudi jioni. Hilo ndilo jambo ambalo msomaji anafaa kulishika, maana mengine yote yamefungwa hapo. Tunakaa mtaa wa Satellite, mimi na msichana wangu, wawili tu. Yeye yuko gredi ya nane. Nikipata kazi ya kulala kwa mwajiri, haiwezekani abaki peke yake nyumbani usiku. Ingebidi aende kwa mama yangu huko Kitui, aache shule yake, aache kwaya, aanze kuniona mimi kama mgeni kila likizo. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo, na simlaumu mama yangu hata kidogo, lakini najua ladha yake.

Kwa hivyo nilikuwa natafuta kazi ya kurudi nyumbani jioni. Niliuliza kanisani, nikauliza kwa majirani wa wale wa Lavington, nikaona wiki zinakwenda. Ndipo nikafikiria zile ofisi za town za kutafutia watu kazi za nyumbani, zile watu huita byuro.

Dada yangu anauza nguo za mitumba karibu na Adams Arcade. Nilimwambia huku nikimsaidia kukung'uta blanketi.

"Byuro?" akasema. "Kwani mshahara wako umekulemea?"

"Huwa wanaukata?"

"Mimi walinikata nusu ya mshahara wa kwanza. Na ule wa pili sikuuona, nilikuwa nishafukuzwa. Hao ni madalali tu, kama wa nyumba."

"Si dalali humpatia mtu nyumba?"

"Anakupatia, ndiyo. Lakini umewahi kuona dalali akilia kwa sababu paa lako linavuja?"

Mteja wake mmoja akacheka mpaka akanunua blanketi lile bila kubishana bei. Mimi nilicheka pia, lakini Jumatatu nilienda. Sikuwa na njia nyingine, na pia nilijiambia kwamba dada yangu hupenda kuongeza chumvi. Sasa nikifikiria, hakuongeza sana. Alisema ukweli wa ofisi yake, na mimi nitasema ukweli wa yangu.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la simu, upande wa River Road, ngazi tatu. Kulikuwa na benchi refu la wanawake, kila mmoja na bahasha yake mapajani, na mbele, nyuma ya meza, madam mwenyewe. Alikuwa wa rika langu, na sauti ya mtu aliyezoea kuita watu walio mwisho wa foleni. Alichukua kitambulisho changu, cheti cha polisi cha tabia njema na cheti cha daktari cha watu wanaoshika chakula. Halafu akapigia simu wale wa Lavington palepale nikiwa nimekaa. Nilisikia sauti ya mama yule kwenye simu, mbali, akinisifu, na nikaangalia viatu vyangu.

Aliposhusha simu alitabasamu. Sijui kama ni lile tabasamu au ni zile wiki nilizokaa bila kuongea na mtu kuhusu shida yangu. Nilifunguka kama gunia lililokatwa kamba. Nilimwambia nina msichana na nataka kazi ya kurudi jioni. Nilimwambia nilikuwa nalipwa nini Lavington. Nilimwambia kiwango cha chini kabisa ambacho ningekubali, nikaongeza kwamba kwa hali ilivyo ningekubali hata bila kulalamika. Nilikuwa naanza kumwambia habari za goti langu la kushoto alipoinua mkono, kama askari wa barabarani.

"Ngoja, mama. Ngoja kwanza. Umenilipa ngapi ukiingia hapa?"

Nikashtuka. Nikadhani ndiyo sasa ananiitisha. "Sijalipa kitu, madam. Sikuwa najua..."

"Hujalipa. Na sitakuitisha. Na mshahara wako sitaugusa, wa kwanza wala wa mwisho. Sasa nani ananilipia hii ofisi? Nani analipa stima?"

"Wenye kuandika watu kazi."

"Wenye kuandika. Wakipata mtu, wananilipa. Huyo mtu akitoka kabla ya miezi mitatu kwisha, iwe ametoroka, iwe amefukuzwa, natafuta mwingine bure. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwao. Umenielewa? Mimi nitakupenda, nitakuita mama, nitakuulizia mtoto. Lakini nikisimama katikati yako na yule aliyenilipa, nimeegemea upande gani?"

Mwanamke mmoja kwenye benchi akasema, "Wake," na wengine wakacheka kwa pua.

"Basi. Kwa hivyo usiniambie neno ambalo hungetaka mwajiri alisikie. Akiniuliza sitamdanganya. Nikimdanganya yeye leo, kesho nitakosa mahali pa kuwapeleka nyinyi."

"Lakini ule mshahara nishakuambia," nikasema.

"Huo umeshaniambia," akasema, kwa huruma kidogo, na akaandika.

Nilishuka zile ngazi nikiwa nimekasirika. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu baadaye nitamsifu na sitaki ionekane nilimpenda tangu mwanzo. Nilimwona kama mtu aliyenipa kiti na kukivuta. Mbona hakuinua mkono mapema? Dada yangu aliposikia alipiga makofi. "Si nilikuambia!" Lakini usiku nikiwa naosha vyombo nilijiuliza, ni nani mwingine amewahi kuniambia hivyo wazi? Hata yule wa Lavington aliyenipenda hakuwahi kuniambia anasimama upande gani. Ilibidi nijifunze mwenyewe, polepole, kwa kukosea. Huyu aliniambia siku ya kwanza, mbele ya mashahidi.

Haikupita wiki akanipigia.

"Mama, nimekupatia kazi Loresho. Mama mzee, anaishi peke yake, mtoto wake ndiye anaandika. Nyumba safi, hakuna watoto wa kukimbiza. Mshahara ni ule ule wako."

Ule ule. Kile kiwango cha chini, hata sarafu haikuongezwa juu. Nilijua umetoka wapi: umetoka kwa mdomo wangu, ukapanda mpaka Loresho, ukarudi.

"Ni kazi ya kurudi jioni?"

"Mteja anataka mtu wa kulala."

"Madam, nilikuambia nina mtoto."

"Uliniambia, na nilimwambia. Amesema mtu wa kulala."

"Basi siwezi."

"Sikiza," akasema, na sauti yake ikashuka, nikajua ametoka nje ya ofisi. "Ukinikatalia mimi hapa, nitachukua bahasha inayofuata. Lazima. Kwenda kuonana si kukubali. Nenda upike, wakuone. Kukataa kuna siku yake."

Sikuelewa wakati ule alikuwa ananisaidia au ananisukuma. Mpaka leo sina hakika. Nadhani yote mawili, na nadhani hata yeye hakujitenganishia.

Nilienda Loresho nikiwa na aproni yangu kwenye mfuko. Soja wa getini alinipima kwa macho na kusema, "Ni wewe wa tatu?" Nikadhani anamaanisha wa tatu kuja kuonana siku hiyo. Nikasema sijui.

Mama mzee alinipokea jikoni, amesimama, fimbo imetundikwa kwenye mkono wa kiti kama kitu cha mtu mwingine. Alikuwa Mkikuyu wa zamani, amevaa kitambaa kichwani na sweta ya kijani. Mtoto wake alikuwa amesema niandae chakula cha mchana, ndiyo iwe majaribio.

"Unatoka wapi?" akaniuliza.

"Kitui, mama."

"Mkamba." Akaangalia dari. "Mungu wangu. Nimeletewa Mkamba anipikie mukimo."

"Na muthokoi yetu ya mahindi naweza, mama, ukichoka na mukimo."

"Nitachoka lini na mukimo? Pika tuone."

Nilipika. Nilichemsha viazi na mahindi, nikaweka majani ya malenge, nikaponda. Alisimama nyuma yangu muda wote akinipa amri kwa sauti ya chini. Usiponde sana, si chakula cha mtoto. Hapo chumvi. Hapana, hiyo ni ya Ukambani, punguza. Tulipokaa alikula kimya, akaongeza, halafu akaweka kijiko.

"Sasa wewe pia umekuja kulala hapa?"

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, yakanitoka yote. "Mama, mimi ningependa kurudi nyumbani jioni. Nina msichana, tuko wawili tu. Lakini nimeambiwa ni kazi ya kulala."

"Umeambiwa na nani?"

"Na ofisi. Nao wameambiwa na mtoto wako."

Akacheka, kicheko kikavu. "Mtoto wangu. Yeye analala Kilimani, lakini anataka kupanga nani alale Loresho. Nimelala peke yangu tangu mzee wangu aende. Usiku naongea na Mungu kwa sauti. Naamka, nazunguka nyumba, napika uji nikitaka. Wale wawili alioleta walikuwa wananisikiliza mlangoni. Mmoja akaniambia asubuhi nimekoroma. Katika nyumba yangu!"

"Wale wawili?"

"Wa kwanza hakumaliza mwezi. Wa pili sikumbuki hata alikuwa anaitwa nani. Niliwaondoa." Alisema kama mtu anayesema ameondoa magugu.

Ndipo nikaelewa neno la soja. Na nikaelewa kwamba madam alijua, kwa sababu wale wawili walitoka kwake, na hakuniambia.

Mama mzee akaniinamia. "Nimeupenda mukimo wako, Mkamba ama si Mkamba. Fanya hivi. Mwambie utalala. Kila mtu aandike anavyotaka. Halafu jioni unaenda zako. Yeye atajuaje? Huja Jumamosi."

Nitasema kweli: nilitamani. Nilikaa pale na sahani mbele yangu nikaona jinsi ingekuwa rahisi. Kazi ni yangu, msichana abaki shuleni kwake, mama mzee afurahi, kijana wake alale kwa amani huko Kilimani. Lakini soja alikuwa na macho na simu. Na hata bila soja, siku mama yule angeanguka usiku, ningekuwa mimi niliyeahidi kuwa katika chumba cha pili. Nilimwambia hivyo, si kwa ujasiri, nilimwambia nikiangalia sahani.

"Nitaanguka kwani mimi ni embe?" akasema. Lakini hakusema tena juu ya hilo.

Nilirudi town moja kwa moja, na aproni yangu inanuka majani ya malenge. Madam alikuwa anakula mahindi ya kuchoma nyuma ya meza.

"Mbona hukuniambia kuna wawili wametoka?" nikamuuliza hata kabla ya salamu.

Hakukana. Alifuta midomo. "Ningekuambia, ungeenda?"

"Sijui."

"Mimi nilijua. Hungeenda. Ningebaki bila mtu, na yule kijana ananipigia kila siku, na akinipigia ana haki. Alishalipa mara moja. Wewe ungekuwa wa tatu kwa malipo yale yale."

Hapo ndipo kitu kiliponifungukia. Si kwa sababu mimi ni mwerevu. Nadhani ni yeye alikuwa amekifungua siku ile ya kwanza, na mimi ndiyo nilikuwa nafika mlangoni. Alikuwa ameniambia kwamba nikimwambia neno, linafika kwa mwajiri. Niliichukua kama tishio. Lakini bomba lile lile lililopeleka mshahara wangu wa chini lingeweza kupeleka kitu kingine, kama ningechagua mwenyewe nitie nini.

Nikakaa. "Basi madam, nina neno nataka mteja wako alisikie."

Akanitazama. "Sema."

"Mama mzee hataki mtu wa kulala. Ndiyo maana wale wawili walitoka. Hata ukimpeleka malaika, kama atalala pale, mama atamwondoa. Wa nne, wa tano. Mimi amenikubali, lakini kwa mchana. Nitafika kabla hajanywa chai ya asubuhi na nitaondoka nikimwekea chakula cha jioni. Mshahara ni ule mlionipangia, siongezi neno. Ila kwa vile sitalala, nauli iwe juu yao. Na usiku soja yuko."

Madam aliendelea kutafuna mahindi, polepole, na niliona anahesabu, lakini si mambo yangu. Alikuwa anahesabu mambo yake: miezi mitatu ambayo hakuna aliyeimaliza, wanawake watakaopanda kwenda Loresho na kushuka, simu za kijana.

"Huyo mama alikuambia hivyo kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Aliniambia pia nidanganye, na nikakataa. Hilo unaweza kumwambia au usimwambie."

"Hilo nitaliacha," akasema. "Hakuniuliza."

Akainua simu mbele yangu. Sijawahi kumsikia mtu akiongea vizuri namna ile kwa niaba yangu, na hakutaja jina langu hata mara moja. Alisema: bwana, nimefanya hii kazi siku nyingi, nimeona nyumba nyingi, mtu wa kulala pale hatakaa. Si makosa ya wasichana. Uliza mama mwenyewe. Nina mtu hapa ambaye mama amemkubali, ukimkosa huyu mimi sina mwingine wa kukupa, nakuambia ukweli. Akasikiza. Akasema ndiyo, ahadi yangu ya miezi mitatu iko palepale. Asipokaa, nitakurudishia mtu. Akaweka simu.

"Anakuja Jumamosi aongee na mama yake. Na wewe uwepo."

Nilianza kumshukuru. Nilikuwa na machozi karibu.

"Usinishukuru," akasema. "Nimechoka kupeleka watu Loresho bure. Leo mimi na wewe tumetaka kitu kimoja. Ni bahati. Kesho tunaweza kutaka tofauti."

"Hata hivyo asante."

"Haya, asante imepokelewa. Nenda, unazuia foleni."

Jumamosi ile ndiyo niliyoiogopa kuliko yote. Kijana wa mama, mtu mzima mwenye mvi kiasi, alikaa kwenye kochi akiwa na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mbaya, kwa sababu ya ule mshahara. Hakuwa mbaya. Aliniuliza kwa heshima, "Mama, ukiondoka saa kumi na moja, na yeye aanguke saa mbili, nitajuaje?" Hilo si swali la mtu mbaya. Nilikuwa nimejiuliza hilo hilo.

Mama yake akajibu kabla yangu. "Utajua kama ninavyojua wewe hujaanguka. Piga simu."

"Mami, nakupigia hupokei."

"Kwa sababu unaniuliza nimekula nini. Niulize mambo ya maana nitapokea."

Tulicheka sote, hata yeye, na baada ya hapo ikawa ni mazungumzo. Wakakubaliana soja awe na ufunguo wa mlango wa jikoni, na mama avae filimbi shingoni usiku, jambo alilolikubali kwa sharti kwamba hakuna mtu atakayeliona. Kijana akamwambia apokee simu ya saa mbili usiku. Mshahara na nauli kijana akavikubali. Mimi niliulizwa kama nina neno. Nilikuwa na mengi, lakini nilisema moja tu, kwamba siku ambayo mama atahitaji kweli mtu wa kulala, nitakuwa wa kwanza kuwaambia, hata kama ni kazi yangu itaisha. Nilisema kwa sababu niliona hofu yake. Sijui kama nilisema vyema. Mama mzee alinitazama vibaya siku mbili nzima.

Nilianza Jumatatu.

Basi madam akaanza kunipigia. Kila wiki, mara nyingine zaidi. Mama, uko sawa? Mama mzee anakula? Anakusumbua? Msichana anaendelea? Goti? Alikuwa amelikumbuka goti, ingawa siku ile alinikatiza katikati. Nilikuwa najibu nikiwa nyuma ya nyumba naanika nguo, na nikiri kwamba nilianza kuzisubiri simu zile. Dada yangu alinicheka. "Dalali anakupenda siku hizi?" Nikamwambia anajali.

Halafu simu zikaacha. Wiki ya kwanza nikadhani amebanwa na kazi. Ya pili nikadhani amegonjeka. Nikiwa natwanga kitunguu saumu ndipo likanijia, bila kunipiga, kama mtu anayekuja kukaa karibu nawe: miezi mitatu ilikuwa imeisha. Ahadi yake kwa mteja ilikuwa imekwisha, na mimi nilikuwa nimekaa. Alikuwa anachunga kazi yake, na kazi yake ilikuwa mimi kutotoka.

Niliumia kwa muda wa kitunguu kile. Si zaidi. Kwa sababu hakunidanganya. Alikuwa amesema: nitakuulizia mtoto, nitakuita mama, na nitaegemea kule. Alifanya yote matatu. Nikajiuliza kama ninachoshukuru ni kitu alichonipa au kitu kilichoanguka tu akipita na mzigo wa mwingine. Sijajibu. Lakini niliona kwamba mtu aliyeshiba kwa kilichoanguka njiani ameshiba vilevile, na si vibaya akimshukuru aliyepita.

Mama mzee ana mparachichi nyuma ya nyumba, na msimu wake ulikuwa umefika. Jioni ya kabla ya siku yangu ya mapumziko aliniambia nijaze mfuko. "Za nani hizi?" akauliza nilipokuwa nafunga.

"Za yule madam wa ofisi."

"Yule aliyeniletea walinzi wa kukoroma?" Akafikiri. "Mpe zilizoiva. Kwa ajili ya Mkamba aliyeniletea, nitamsamehe."

Kesho yake nilipanda ngazi zile za juu ya duka la simu. Benchi lilikuwa limejaa. Madam aliinua kichwa, akaniona, na uso wake ukabadilika haraka.

"Umetoka? Amekufukuza?"

"Hapana. Niko."

"Unatafuta pengine? Mama, kama unataka kutoka sema, lakini pale kwa mama mzee siwezi kukutoa mimi. Yule ni mteja wangu."

"Sitafuti kitu. Nimekuja kukusalimia. Na hizi."

Nikaweka mfuko mezani. Alitazama ndani, akanitazama, akatazama tena ndani. Nilimwona akijaribu kupata mahali pa kuliweka jambo lile, na kwa kuwa hakupata, akacheka, cheko la kweli, nililolisikia kwa mara ya kwanza.

"Na hizi amelipa nani?"

"Hakuna aliyelipa."

"Basi leo sijui niegemee wapi," akasema, akakata moja kwa kisu cha barua na kunipa nusu. Tulikula tumesimama, na wanawake wa benchi wakitutazama, kila mmoja na bahasha yake. Mmoja akauliza kama zilizobaki ni za kuuza.

Sikukaa. Nilitaka kupita Adams kumsalimia dada yangu na bado nifike nyumbani mapema, maana siku hiyo msichana alikuwa na mazoezi ya kwaya na nilimwahidi kwamba atakuta chakula. Nilifika kabla yake. Nikawasha jiko, nikapika muthokoi, ile ya Ukambani, yenye chumvi ninayoitaka mimi. Alipoingia hakunisalimia hata. Alitupa mfuko wa shule kitini akaanza kuniambia nani amekosea sauti, kama anavyofanya kila jioni, na mimi nikamwambia anawe mikono kwanza.